Jina la nguo za kikoi, kanga na kitenge: namna ya kuchagua lebo itakayovuka mpaka

Shati la kikoi lililoshonwa vizuri linaweza kuuzwa Mombasa na likauzwa Hamburg bila kubadilishwa hata kishono kimoja. Kinachokwama zaidi ni jina lililo shingoni. Linakataliwa na ofisi ya alama za biashara, au linasomeka matusi kwa lugha ya mnunuzi, au kuna mwenzako aliyelisajili zamani. Yote matatu yanaweza kugundulika kabla hujalipia lebo hata moja, mradi kazi ifanywe kwa mpangilio huu.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: fundi na mwenzake wanataka kuuza mashati mepesi, magauni na suruali za kufunga kwa kamba, zote za kikoi, katika Afrika Mashariki, Ulaya na Marekani. Wameandika majina sita: Kikoi Asilia, Pamba Pwani, Tanga, Ng'ambo, Pindo na Kaskazi. Majina haya ni ya kuonyesha njia tu. Ukilipenda mojawapo, lipitishe kwenye upekuzi kama lako lingine lolote.

Hatua ya 1: Ondoa kila jina linaloeleza bidhaa

Sheria za alama za biashara karibu kila nchi zina kanuni moja: neno ambalo wafanyabiashara wote wa bidhaa hiyo wanalihitaji haliwi mali ya mmoja wao. Kwa hiyo kikoi, kanga, kitenge, batiki, nguo, vazi na mshono hazifai kuwa jina lako. Kuongeza sifa mbele au nyuma, kama "asilia", "safi" au "bora", hakusaidii, kwa sababu sifa nazo ni za kila mtu. Kikoi Asilia limetoka.

Wengine hudhani kwamba nje ya Afrika Mashariki neno la Kiswahili ni geni, kwa hiyo litapita. Mwaka 2006 kampuni moja iliomba kusajili Uingereza neno hilohilo la kikoi, likiwa limeandikwa "kikoy". Kenya ilipinga, kwa hoja kwamba hilo ni jina la vazi ambalo wafumaji na wauzaji wengi wanalitegemea, na ombi hilo halikufika mwisho. Marekani nako, mwombaji wa alama yenye neno la kigeni hutakiwa kutoa tafsiri yake, na mkaguzi huipima tafsiri hiyo kana kwamba neno limeandikwa kwa Kiingereza. Ukiandika Nguo, yeye anasoma "mavazi".

Pamba Pwani linaanguka kwa sababu hiyohiyo, na lina hatari yake ya ziada. Kwetu pamba ni zao na uzi, na mtaani "pamba" ni nguo za kupendeza, kwa hiyo jina linavutia. Lakini siku mtakapoongeza suruali ya kitambaa cha poliesta, na vitenge vingi sokoni ni poliesta au mchanganyiko, jina litakuwa linamwambia mnunuzi jambo lisilo kweli kuhusu uzi. Jina linaloeleza hukataliwa kwa kueleza. Jina linalopotosha hukataliwa vikali zaidi, na halirekebishiki kwa kukaa sokoni muda mrefu.

Majina ya mahali yana tatizo hilo la pili. Ukiita lebo Lamu au Zanzibar, mnunuzi atadhani kitambaa kimefumwa huko, au walau nguo imeshonwa huko. Kanga nyingi zinazouzwa pwani zimechapwa India au China, na vitenge vya Vlisco vinatoka Helmond, Uholanzi. Kama huwezi kuthibitisha uhusiano wa bidhaa na mahali hapo, usiandike mahali hapo.

Na msemo maarufu je? Hakuna Matata ni maneno ya kila siku, lakini Disney iliyasajili Marekani mwaka 2003 kwa fulana. Hilo halimzuii mtu kuyasema. Linamzuia mshonaji kuyafanya chapa ya fulana zake katika soko lile. Kabla ya kuchukua msemo ambao watalii wanaujua, chukulia kwamba kuna aliyekutangulia.

Jina la kitambaa halipotei kwa kuondolewa kwenye chapa. Linakwenda mahali pake, yaani kwenye maelezo chini ya jina: "mashati na magauni ya kikoi". Hapo linamsaidia mnunuzi anayetafuta mtandaoni, na hakuna atakayelipinga.

Hatua ya 2: Chukua neno lisilohusu nguo

Yamebaki Tanga, Ng'ambo, Pindo na Kaskazi.

Pindo linavutia kwa sababu ni neno la kitambaa chenyewe: kanga ina mji katikati, jina lake, yaani ujumbe ulioandikwa, na pindo kuizunguka. Tatizo ni kwamba nguo yoyote ina pindo. Tafsiri yake ikifika mezani kwa mkaguzi, anaweza kusema ni sehemu ya bidhaa, na mtabishana kwa miezi. Halijafa kabisa, lakini ni jina dhaifu. Ukilipenda, lifanye jina la mtindo mmoja ndani ya lebo, kwa mfano gauni lenye pindo pana, na usitegemee kulimiliki.

Alama yenye nguvu ni neno la kawaida lisilo na uhusiano na bidhaa: mnyama, upepo, nyota, chombo cha baharini, tunda. Kiswahili cha pwani kimejaa maneno ya aina hii, mafupi na yenye irabu mwishoni. Neno la kubuni nalo lina nguvu, ila litahitaji matangazo zaidi kabla watu hawajalishika. Kaskazi, upepo wa msimu unaovuma takriban Desemba hadi Machi, ni neno la aina ya kwanza. Tanga la chombo nalo pia kwa maana hiyo, ingawa ni jina la mji vilevile. Tanga ina kasoro nyingine, na hiyo ndiyo kazi ya hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Lisikilize kwa masikio ya mnunuzi

Hapa watu wengi huruka, kwa kuwa jina linasikika zuri nyumbani. Tanga ndilo linalokipeleka chombo kwa upepo, na Tanga ni mji wenye heshima zake. Kwa Kijerumani, Kihispania, Kireno na Kifaransa, tanga ni chupi ndogo ya kamba. Kama ungekuwa unauza mabati lingekuwa jambo la kucheka tu, lakini wewe unauza nguo: mnunuzi akiandika neno hilo kwenye mtandao ataletewa chupi za maduka elfu. Limetoka.

Mengine ya kuepuka yanafuata mkondo huo. Pipi kwa nguo za watoto ni jina tamu kwetu, lakini kwa Mfaransa na Mjerumani ni mkojo. Kaka, kwa wasemaji wa Kifaransa na Kihispania, inasikika sawa na neno lao la kitoto la kinyesi. Fika, ambayo ingefaa nguo za safari, kwa sikio la Mwitaliano ni tusi. Puto ni tusi kwa Kihispania. Kwa Kiingereza shida huwa ya maandishi zaidi ya sauti: Pole na Mate yanasomwa kama maneno yao, na hakuna atakayeyatamka kwa silabi mbili.

Kisha angalia herufi. Mwanzo wa neno ndio unaowashinda wageni: mw, ng, ny, mb na nd zikiwa mwanzoni huwafanya wasite. Katikati ya neno hazisumbui sana. Dh na gh hupotea zote. Z kwa Mjerumani inakuwa "ts", j kwa Mhispania inakuwa "kh", na ch kwa Mfaransa inakuwa "sh". Hakuna jina litakalopona kwa wote. Unatafuta jina ambalo likipotoshwa bado linatambulika. Kaskazi kwa Mjerumani litakuwa "Kaskatsi", na Mwingereza anaweza kuweka mkazo kwenye silabi isiyo yake. Katika hali zote mbili mwenye duka angejua anaulizwa nini.

Ng'ambo lina shida kubwa kuliko matamshi, nayo ni ile alama ya ritifaa. Anwani ya tovuti haipokei ritifaa. Inapokea herufi, tarakimu na kistari tu. Jina la akaunti Instagram nalo haliipokei. Kwa hiyo mtaandika ngambo, ambalo kwetu linasomeka vingine na kwa mgeni halisomeki vizuri zaidi. Sasa mna tahajia mbili, moja ya lebo na nyingine ya tovuti, na kama tutakavyoona, mfumo wa usajili wa kimataifa hauruhusu kubadilisha tahajia njiani. Limetoka.

Majaribio yenyewe ni ya siku mbili au tatu. Kwa kila lugha ya soko tafuta watu watano au sita waliokulia katika lugha hiyo, wasiojua Kiswahili. Watumie jina peke yake, bila picha, bila maelezo, na uwaombe walisome kwa sauti na kurekodi. Waulize ni nini kinachowajia kichwani. Baadaye, kwa watu wengine, fanya kinyume: watumie sauti yako ukilitamka mara moja, nao waliandike. Kwenye kuandika ndiko jina hufeli zaidi, kwa sababu mteja aliyelisikia kwa rafiki ndiye atakayelitafuta mtandaoni. Zaidi ya nusu wakiandika kitu ambacho hakitawafikisha kwako, tafuta jina jingine. Wakikosea kwa namna moja ileile, tuseme wote wanaanza na C badala ya K, hilo linatibika: nunua pia anwani ya tovuti ya tahajia hiyo ya makosa na uielekeze kwenye yako.

Usiwaulize kama wanalipenda. Kila mtu atasema ni zuri.

Hatua ya 4: Upekuzi, kwa sauti na si kwa herufi tu

Bidhaa zimegawanywa katika madaraja 45 yanayotumika kimataifa. Nguo zilizoshonwa, viatu na kofia ni daraja la 25. Kitambaa chenyewe, taulo, shuka za kitanda na vitambaa vya meza ni daraja la 24. Mikoba ni la 18, na huduma ya kuuza rejareja ni la 35. Kikoi ni mfano mzuri wa kuchanganya: kikishonwa shati ni 25, kikiuzwa kama kitambaa au taulo ya ufukweni ni 24. Kama mtauza vyote viwili, pekua na uombe madaraja yote mawili.

Anza na hifadhidata ya bure ya Shirika la Mali Miliki Duniani, branddb.wipo.int, halafu TMview kwa nchi za Ulaya. Weka jina, chuja kwa daraja la 25, uone nani anatokea. Kisha rudia kwa tahajia zote zinazotoa sauti hiyo. Kwa mfano wetu: Kaskazi, Caskazi, Kaskasi, Kascasi, Kaskazy. Sababu ni kwamba mfanano hupimwa kwa macho, kwa sikio na kwa maana. Alama iitwayo Caskasy ya mtu mwingine kwenye nguo inatosha kuliangusha lako, ingawa hakuna herufi zinazolingana mwanzo wala mwisho. Pekua pia sehemu za neno, kama Kaska peke yake, hasa ikiwa ni chapa inayojulikana.

Kupata jina hilohilo katika daraja la mbali, mathalani hoteli au bima, si lazima kukufukuze. Kulipata katika la 25 ni mwisho. Kulipata katika la 24 au la 18 ni suala la kumlipa wakili wa alama za biashara akupe maoni, kwa kuwa vitambaa na mikoba huonekana kuwa jirani na nguo.

Upekuzi wa Ulaya ufanywe kwa makini kuliko mwingine. Alama ya Umoja wa Ulaya ni moja kwa nchi zote 27, na ofisi yake haikatai ombi kwa sababu kuna alama ya zamani inayofanana; inamwachia mwenye alama apinge ndani ya miezi 3. Mwenye duka dogo Ureno, mwenye usajili wa Ureno pekee, anaweza kuangusha ombi lako la nchi zote 27. Uingereza haimo tena katika hesabu hiyo tangu mwaka 2021 ulipoanza, kwa hiyo ipekue na uiombe peke yake.

Kwa nyumbani, pekua kwenye ofisi yenyewe: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda. Bara na Zanzibar zina rejista mbili tofauti, na usajili wa upande mmoja haulindi upande wa pili. Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam wanaopeleka nguo Unguja hawalijui hili.

Hatua ya 5: Omba kwa mpangilio sahihi

Cheti cha jina la biashara si alama ya biashara. Kinakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo, lakini hakimzuii mwingine kulishona kwenye nguo zake. Unahitaji ombi la alama, na katika ombi hilo kuna maamuzi matatu yasiyorekebishika kirahisi.

La kwanza ni kuomba neno kwa herufi za kawaida, kabla ya nembo. Neno likisajiliwa hivyo linalindwa kwa mwandiko wowote. Ukisajili nembo tu, yenye mchoro wa korosho kutoka kwenye kanga, umelinda mchoro ule na mpangilio ule, na ukibadilisha mchoro unaanza upya. Isitoshe mapambo ya kanga ni ya wote.

La pili ni mwenye alama. Iandikwe kwa jina la kampuni itakayouza nje, si la ndugu aliyekuwa na nafasi ya kwenda ofisini, wala la wakala wa ng'ambo aliyejitolea "kusaidia na karatasi". Wakala akisajili kwa jina lake, siku mkikosana jina linabaki kwake katika soko lile. Weka sentensi katika mkataba wa usambazaji kwamba hataomba usajili wa jina hili wala linalofanana nalo.

La tatu ni tahajia. Kenya imo katika Mfumo wa Madrid tangu 1998 na Rwanda tangu 2013. Mwombaji wa huko anaweza kutumia ombi lake la nyumbani kama msingi na kutaja nchi nyingi kwa fomu moja. Alama ya kimataifa lazima ifanane na ya msingi, na kwa miaka 5 ya mwanzo inaitegemea: msingi ukianguka, na nyingine zinaanguka nao. Ndiyo maana Ng'ambo iliyosajiliwa nyumbani haiwezi kugeuzwa Ngambo huko mbele, na ndiyo maana jina dhaifu lililopenya nyumbani ni msingi mbaya wa kusimamishia soko la nje.

Mwombaji wa Tanzania huenda soko kwa soko. Anachokitumia ni haki ya kipaumbele ya Mkataba wa Paris: akiomba nyumbani leo, ana miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama na kuhesabiwa kana kwamba aliomba siku ileile ya kwanza. Hiyo miezi 6 ndiyo muda wa kupeleka sampuli kwenye maonesho ya nje. Anayepeleka lebo kwenye maonesho kabla ya kuomba popote anaonyesha jina lake kwa watu wanaojua njia ya ofisi kuliko yeye. Kwa Marekani, mwombaji asiye mkazi lazima awe na wakili mwenye leseni ya huko, kwa hiyo gharama hiyo iingie kwenye bajeti mapema.

Katika orodha ya bidhaa andika mnachouza na mtakachouza karibuni: mashati, magauni, suruali. Orodha ndefu ya kujaza nafasi inavuta pingamizi zaidi, na Ulaya kisichotumika kwa miaka 5 mfululizo kinaweza kufutwa.

Hatua ya 6: Kulishona

Lebo kuu ya shingoni mara nyingi huwa na urefu wa sentimita 5 hivi na upana wa sentimita 1.5 hadi 2. Kwenye lebo ya kufuma, herufi zikiwa na kimo chini ya milimita 2, nyuzi huanza kuziba matundu ya "a" na "e", na vialama vidogo hupotea. Omba sampuli ya kufuma, usiridhike na picha ya kompyuta. Ishike kwa urefu wa mkono na umpe mtu asiyelijua jina alisome.

Usiweke ®. Alama hiyo inamaanisha kwamba jina limesajiliwa pale nguo inapouzwa, na katika nchi kadhaa kuiweka kabla ya usajili ni kosa. Cheti cha Kenya hakikupi ruhusa ya kuiweka kwenye shati linalouzwa Marekani.

Jina la chapa pia halitoshi kuwa utambulisho wa mtengenezaji. Marekani inataka lebo ionyeshe asilimia za nyuzi, nchi ilikotengenezwa nguo, na jina la kampuni inayohusika au namba ya RN, ambayo hupewa kampuni za Marekani tu. Kwa hiyo lebo ya pili, ya pembeni, iwe na jina kamili la kampuni yako, au RN ya mnunuzi kama amekubali kwa maandishi. Ulaya asilimia za nyuzi ziandikwe kwa lugha ya nchi inakouzwa nguo. "Kikoi" si jina la uzi popote. Andika pamba kwa lugha hiyo, na asilimia yake.

Mwisho ni meza ya kukatia. Kanga na vitenge vingi vina maandishi ukingoni: jina la mchapaji, namba ya muundo, wakati mwingine alama iliyosajiliwa. Kanga za Mombasa zenye K.H.E. – Mali ya Abdulla zinajulikana hivyo, na Vlisco huandika jina lake ukingoni mwa vitenge vyake. Fundi anayebana kitambaa akatumia ukingo huo kwenye pindo la gauni atatuma nje nguo yenye chapa ya mtu mwingine juu yake, na mwenye chapa ana haki ya kuuliza. Weka mstari wa chaki sentimita 2 hadi 3 ndani ya ukingo, kulingana na upana wa maandishi, na uhesabu upotevu huo katika mita unazonunua. Kwa kanga, soma pia ule ujumbe wake kabla ya kukata, maana kipande chenye nusu ya methali kinaweza kuangukia mahali pasipofaa kifuani, na mnunuzi anayejua Kiswahili yupo hata Hamburg.